Utangulizi: Hodi ya Ukurasa Mmoja

Ukibisha hodi jioni na mwenye nyumba akauliza "Nani?", hujibu "Ni mimi." Ukijibu hivyo utaulizwa mara ya pili, na safari hii sauti itakuwa imebadilika. Unataja jina lako, unataja wewe ni wa nani, na kama hujulikani unaeleza umetoka wapi na umepitia kwa nani. Shida iliyokuleta haijatajwa bado. Itatajwa ukishakaribishwa na kupewa pa kukaa.

Fani ninayokukaribisha kwayo inahusu hodi ya namna hiyo, ila hii hubishwa kwa maandishi. Ni barua ya kwanza ambayo kikundi kidogo cha kijiji huliandikia shirika la maendeleo, au mfadhili yeyote asiyekijua. Wengi huiita barua ya utambulisho. Ni ukurasa mmoja tu, na haiombi pesa. Andiko la mradi, bajeti na majedwali ni mambo ya baadaye, na mara nyingi hayafikiwi kamwe kwa sababu ukurasa huu ulikwama. Kazi yake ni kumwezesha mtu mmoja aliyekaa ofisini, mwenye barua nyingine nyingi mezani, kuamua jambo moja: je, hawa ni watu wa kuzungumza nao? Nimezisoma barua hizi kwa miaka, nyingine nikiwa mwalimu, nyingine nikiwa upande wa pili wa meza, na ugonjwa wake mkubwa ni ule ule wa kujibu "ni mimi."

Hivi ndivyo ugonjwa huo unavyoonekana: "Sisi ni kikundi cha kijamii kilichosajiliwa, chenye lengo la kuinua hali ya maisha ya wanajamii kupitia kilimo, mazingira, elimu, afya, vijana na usawa wa kijinsia. Jamii yetu inakabiliwa na umaskini na mabadiliko ya tabianchi. Tunaliomba shirika lenu tukufu litusaidie shilingi milioni tano." Hakuna uongo hapo. Shida ni kwamba sentensi hizo zingeweza kuandikwa Turkana, Kwale au Kisumu bila kubadilisha neno. Msomaji amemaliza kusoma na bado hajui nani yuko mlangoni.

Badala ya kupitia kanuni moja baada ya nyingine, nimeona tuchukue kijiji kimoja na kuandika barua yake. Nimechagua Ozi.

Ozi ni kijiji cha Wapokomo katika delta ya mto Tana, eneo bunge la Garsen, si mbali na Kipini ambako mto huingia baharini. Jina lenyewe ni kongwe. Zamani Ozi lilikuwa jina la mto unaoishia Kipini, na Tana ilikuwa na mdomo wake mwingine, mpaka mfereji wa Belezoni ulipochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha mito hiyo miwili, na maji ya Tana yakaifuata njia mpya. Naitaja historia hii kwa sababu ya barua. Mtu wa Nairobi au Geneva akitafuta "Ozi" kwenye ramani za zamani ataona mto, na kikundi kinapaswa kumsaidia kwa maneno machache: kijiji, wadi, kaunti, na kiko umbali gani na bahari.

Watu wa Ozi wanajulikana kwa miembe na mpunga, na mpunga wao una akili yake. Unategemea bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kuliko kawaida na kuusukuma mto urudi nyuma. Maji matamu ya mto hupanda, huingia mashambani, kisha bahari ikipwa hushuka tena. Hakuna pampu wala mafuta. Lakini mpango mzima unasimama juu ya sharti moja, kwamba mto uwe na nguvu ya kutosha kuizuia chumvi isipande nao. Mto ukidhoofika, iwe kwa ukame, kwa mabwawa ya juu yaliyojengwa kuanzia Kindaruma mwaka 1968 mpaka Kiambere mwaka 1988, au kwa maji kuchepukia tawi jingine la delta, basi kinachoingia shambani na bamvua ni maji ya bahari. Mpunga hukauka ncha, kisha hulala. Mwembe huchukua muda mrefu zaidi kufa, na hilo ndilo linalowauma wenyewe, maana mwembe ulipandwa na babu.

Sasa tuseme wakulima fulani wa Ozi wanataka kujitambulisha. Kikundi hiki ni cha mfano, na hesabu zake nimezibuni ili tuwe na kitu cha kushika mkononi. Hali ya maji sikuibuni. Barua yao ingekuwa hivi:

"Sisi ni wakulima 34 wa kijiji cha Ozi, wadi ya Kipini Mashariki, kaunti ya Tana River. Wanawake ni 21. Tunalima mpunga na miembe kando ya mto Tana, karibu na unapoingia baharini. Kikundi chetu kimesajiliwa, na cheti hakijaisha muda.

Mashamba yetu hunyweshwa na maji ya mto yanayopandishwa na bamvua. Siku hizi maji hayo huja na chumvi. Tangu Januari hadi Desemba mwaka jana, kila bamvua tuliandika katika daftari maji yalifika shamba gani, na yalikuwa matamu au ya chumvi. Kati ya bamvua 24, za chumvi zilikuwa 11. Wanachama tisa wameacha kulima mashamba ya chini.

Kwa michango na mikono yetu tumeinua tuta la mita 180 lenye mlango mmoja wa mbao, ambao tunaufunga maji ya chumvi yanapokuja. Tuta lilibomoka mara moja, tukalirudishia. Mashamba sita yaliyo nyuma yake yalivunwa msimu uliopita.

Hatujui kama njia hii itafaa mashamba mengine, na hatuna wa kutupimia. Tumeelewa kwamba shirika lenu husaidia wakulima wa ardhi oevu za pwani. Tungependa kujua kama kazi kama yetu imo katika mnayoshughulikia, na kama imo, tufuate hatua gani. Mkitaka, tutawaletea nakala ya daftari, cheti na taarifa ya benki."

Barua imeishia hapo, na inabaki nafasi ya majina, saini na nambari za simu.

Kitu cha thamani kuliko vyote katika barua hii ni lile daftari. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mwaka wa miezi 12 una bamvua 24 au 25. Afisa anayejua pwani atapiga hesabu hiyo kichwani bila hata kukusudia, na atagundua kwamba watu hawa hawakuokota nambari. Wangeandika bamvua 40 angejua wamebuni; wangeandika "mara nyingi" asingejua lolote. Nimewahi kukiambia kikundi kimoja, miaka ya nyuma, kiache kuandika barua kabisa na kianze daftari, kirudi baada ya misimu miwili. Walininunia. Hata hivyo bado nadhani ulikuwa ushauri mzuri, ingawa ningeweza kuusema kwa upole zaidi.

Daftari hilo lina mpaka wake, na barua inaukiri. Chumvi hapa imepimwa kwa ulimi. Wataalamu husema mavuno ya mpunga huanza kupungua chumvi ya udongo ikizidi takriban desisimenzi 3 kwa mita, ilhali maji ya bahari yenyewe hufika kama 50. Ulimi unajua chumvi ipo, lakini hauwezi kukuambia kama ni 3 au 8, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama shamba litavunwa nusu au halitavunwa kabisa. Kwa hiyo ile sentensi "hatuna wa kutupimia" imefanya kazi mbili. Imeonyesha kwamba kikundi kinajua kisichokijua, na imemwachia mfadhili pengo dogo, la wazi, ambalo pengine analimudu hata kabla ya mradi wowote: kipimo cha mkononi na mtu wa kuwafundisha kukitumia.

Angalia pia tuta lililobomoka. Vikundi vingi hulificha jambo kama hilo kwa hofu ya kuonekana dhaifu. Mimi nikiwa msomaji, tuta ambalo halijawahi kubomoka ndilo linalonitia shaka, maana tope la delta silo tope la kusimama bila matengenezo. Walioandika "lilibomoka, tukalirudishia" wamenieleza kwa maneno mawili kwamba kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kutazama, na kwamba kazi haikumngoja mfadhili.

Kuhusu pesa, barua imenyamaza kwa makusudi. Kipimo cha ukubwa wa fedha ambazo kikundi kitaaminiwa nazo ni fedha ambazo kimewahi kushika na kutolea hesabu. Wanachama 34 wakichanga shilingi 100 kila mwezi, kwa mwaka wanapata shilingi 40,800. Kikundi hicho kikitaja milioni tano katika aya ya kwanza, msomaji hasomi tena kuhusu chumvi. Anawaza nani atashika hundi. Pale mfadhili alipotangaza kiwango chake mwenyewe, kitaje na ukae ndani yake. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayoendeshwa na UNDP tangu mwaka 1992 na ambayo vikundi vya namna hii ndivyo walengwa wake hasa, kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo cha dola 50,000 kwa mradi. Kikomo si kiasi cha kuombwa, jambo ambalo ni rahisi kusema na gumu kukumbuka siku ya kikao.

Na si kila mlango unabishwa kwa barua. Kuna mpango wa fedha za tabianchi wa FLLoCA, unaopitisha pesa za Benki ya Dunia na wafadhili wengine kwenye kaunti, ambako kamati za wadi ndizo zinazopanga vipaumbele. Huko barua nzuri haikufikishi mbali. Unahudhuria mkutano wa wadi, unasimama, unaongea. Kikundi kinachowaandikia watu wa Ulaya huku hakijawahi kukaa na kamati ya wadi yake kitaulizwa kwa nini, na inafaa kiwe na jibu.

Sasa nije kwenye vishawishi viwili ambavyo naviona sana katika barua zinazotoka delta.

Cha kwanza ni mikoko. Wafadhili wa siku hizi wanaipenda mikoko, na kila kikundi cha pwani kinajua hivyo. Kwa hiyo wakulima wetu 34, katika kikao cha mwisho kabla ya barua kutumwa, watamsikia mmoja wao akisema: "Tuongeze na kupanda mikoko." Afisa anayeijua kazi atakuwa na maswali mawili papo hapo. La kwanza ni mti gani. Kuna mkoko wenyewe, kuna mchu, muia, mkandaa na mlilana, na karibu na mdomo wa Tana kuna msikundazi, unaostawi pale maji ya mto yanapoikata makali chumvi. Kila mmoja una mahali pake kati ya ukingo wa maji na nchi kavu, na uliopandwa pasipo pake hufa. La pili ni kwa ruhusa ya nani. Misitu ya mikoko Kenya ni misitu ya serikali tangu mwaka 1932, na chini ya Sheria ya Misitu ya 2016 jamii hushiriki kupitia chama cha jamii cha msitu, kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu. Kikundi chenye mkataba huo kiseme, tena mapema. Kisicho nao kikiandika "mikoko yetu" kimejifunga kitanzi kwa neno moja. Wakulima wa mpunga wana habari nzuri ya tuta lao, na ingewatosha.

Kishawishi cha pili ni kizito zaidi. Ardhi na maji ya delta hii wakulima wanavitumia pamoja na wafugaji, na mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Shirika lolote linalofanya kazi Tana Delta linayo habari hiyo kwenye faili. Sasa soma sentensi hii, ambayo kwa mwandishi ni malalamiko ya kawaida tu: "Wafugaji wanaingiza ng'ombe mashambani na kutuharibia." Kwa msomaji wa ofisini inasomeka kama tahadhari, kwamba fedha hizi zitajenga uzio upande mmoja wa ugomvi. Kunyamaza nako hakusaidii, kwa kuwa atajiuliza mbona hawakutajwa. Kinachosaidia ni kusema kilichopo. Kama tuta limeacha njia ya mifugo kufika mtoni, andika limeacha njia, na nani walikaa wakakubaliana ipite wapi. Kama halikuacha, barua ingoje kwanza. Tuta linaloziba njia ya maji ya ng'ombe halitakuwa na shida ya barua peke yake.

Lugha nayo inahitaji neno. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na maafisa wengi walioko nchini wataisoma barua ya Kiswahili bila tabu. Lakini barua ikitakiwa kusafiri mbali zaidi itatafsiriwa, na hapo ndipo nimeona uharibifu mwingi. Kikundi hutafuta kijana aliyesoma, naye, kwa nia njema, huona aibu kuandika "tuta" na "mlango wa mbao." Anaandika miundombinu stahimilivu ya udhibiti wa maji. "Hatujui kama itafaa" linatoweka kabisa. Barua ikirudi ni ile ile ya Turkana, Kwale na Kisumu. Dawa yake ni kuiandika kwanza kwa Kiswahili, kuisoma kikaoni mbele ya wanachama wote mpaka mama aliyeacha shamba lake aseme "ndivyo," kisha mfasiri akabidhiwe kwa sharti kwamba nambari zote, tuta, na kila "hatujui" vibaki mahali pake. Akimaliza, awasomee kwa Kiswahili kile alichokiandika kwa Kiingereza.

Nyaraka za kisheria nazitaja kwa ufupi, kwa kuwa sura ya tatu imezibeba zote. Vikundi vya kijamii sasa viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na usajili wake hupitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Mashirika makubwa yana sheria yao nyingine, ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Kikundi kisijiite shirika kwenye barua ilhali cheti kinasema kikundi. Jina la kwenye cheti, la kwenye akaunti ya benki na la kwenye barua liwe moja, herufi kwa herufi. Nimeona barua njema ikilala miezi kwa sababu benki ilikuwa na "Ozi" na cheti kilikuwa na "Ozzi."

Ukishaituma, majibu huwa ya aina tatu. Kuna "hapana, si eneo letu," ambalo ni jibu jema, maana limekuokolea mwaka. Lijibu kwa shukrani na uulize kama wanamjua mwingine. Kuna kimya, ambacho baada ya wiki nne hivi unakifuata kwa mistari miwili, mara moja. Na kuna simu.

Hiyo simu ndiyo iliyonifanya nianze kuziangalia nambari zilizo chini ya barua kabla ya barua yenyewe. Afisa hupiga akiwa na dakika kumi kabla ya kikao. Katibu yuko shambani, maji yamejaa, simu iko nyumbani kwenye chaji au mtandao umekatika. Afisa hapigi tena. Si kwa ubaya, ila barua imeshafunikwa na nyingine. Kwa hiyo weka nambari mbili, na ya pili iwe ya mwanachama au jamaa anayekaa Kipini au Garsen mjini. Mpe nakala ya barua. Hakikisha anajua tuta lina mita ngapi, na bamvua za chumvi zilikuwa 11, siyo 12.